Mafuta Yenye Kukataa Dhahabu

Duka yangu ya simenti na mabati niliijenga kwa mikono hii, na shule niliiacha mu primaire, mwaka wa tano. Leo wenye diplome wananiita Patron. Hata kama ni kujisifu, ni kweli. Kitu chenye kilinifikisha hapa ni kimoja: siamini karton. Muchuuzi atakuletea rangi ya nyumba yenye imeandikwa mbele kwamba mvua haiiwezi, unaifungua, ni maji na unga. Mimi nageuza karton upande wa nyuma, kule wanaandika herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mbele ndiko wanakuita, nyuma ndiko wanajificha.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia yenye kununua na kuuza dhahabu hapa Bunia. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimekubaliwa, lakini hazijafika. Mbele zifike, kwa desturi yetu, upande wa kijana wanatuma kikapu ya bibi-arusi: kitenge, sabuni, manukato, mafuta ya kujipakaa. Kikapu ile hairudishwi. Mukono wenye kupokea ukirudisha hata sabuni, umesema binti hayupo tena. Na siku wakwe wanakuja kusalimu, wanamutazama kama ametumia vitu vyao. Kitenge yao aivae, mafuta yao yaonekane ku ngozi.

Mafuta ilikuwa kopo nyeupe ndani ya karton yenye kung'aa. Mwenye kuileta alisema shangazi ya kijana ameichagua yeye mwenyewe. Nilijiuliza: kwa nini shangazi? Kwa nini sabuni ilichaguliwa na watu wote, na mafuta na mutu mumoja? Bibi yangu, mama ya binti huyu, aliniambia niache kuwa askari wa mupaka ndani ya nyumba yangu. Karton niliichukua hata hivyo.

Mbele kulikuwa picha ya mwanamuke, nusu ya uso nyeusi, nusu nyeupe kama sahani. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, nikayasoma pole pole, nikiweka kidole: weupe kwa siku saba. Mimea tupu. Inafaa bibi-arusi, mama mwenye mimba, na mutoto muchanga. Inaondoa chunusi, makovu, mikunjo na uchovu.

"Papa, unasoma ama unapigana na hiyo karton?" binti yangu aliuliza.

"Inaondoa uchovu," nilisema. "Basi nipakae mimi, niache kulala."

"Ni matangazo tu. Wote wanaandika hivyo."

"Na mutoto muchanga anatafuta weupe gani? Ametoka tumboni juzi, tayari anataka kubadilika?"

Alicheka, akanionyesha pembeni, ndani ya duara ya kijani. Sans hydroquinone. Yeye ana diplome d'État ya kumaliza sekondari, na anajua kunieleza bila kunidharau, ile namupendea. Akasema hydroquinone ndiyo dawa mbaya ya kuchubua, yenye watu wanajipakaa mpaka ngozi inaisha na mashavu yanageuka rangi ya majivu. Hii haina, wameandika wazi, kwa hiyo ni nzuri.

"Mutu akisimama mulangoni kwangu na kusema, mimi si mwizi wa kuku," nikamujibu, "mimi naenda kuhesabu mbuzi."

"Papa, weye hata sabuni unaishuku."

"Sabuni haijaniambia kama inaondoa uchovu."

Nikamupa anisomee nyuma, maana macho yangu na herufi zile havipatani. Akasoma haraka haraka, kama padri wa misa ya asubuhi: aqua, ile ni maji, asidi moja, glycerin, parfum, majina mengine ya dawa, calomel. Mimea yenyewe hakuiona, hata moja. Calomel hakuijua, akasema labda ndiyo jina ya muti fulani. Jina ya kiwanda hakuna. Mahali ilitengenezewa hakuna, hata namba ya kundi. Mimi hata mufuko wa simenti usipokuwa na namba siupokei. Chini kabisa ndiko kulikuwa onyo, akalipita tu: vua pete na mikufu, usiache iguse dhahabu, feza ama aluminium.

"Rudia hapo," nilisema.

"Vua pete, Papa. Ili isichafuke."

"Haikusema isichafuke. Imesema isiguse dhahabu."

Na hapa niwaambie kitu chenye diplome haifundishi. Kabla ya simenti, mimi nilichimba dhahabu upande wa Mongbwalu. Nilisimama ndani ya maji mpaka kiuno, nikiosha muchanga. Vumbi ya dhahabu haikamatwi na vidole. Tunamimina merkire, zebaki, ile maji nzito ya kung'aa kama feza, inatembea ndani ya karai na kukusanya vumbi yote. Tunakamua ndani ya kitambaa, tunachoma ku moto, merkire inakuwa moshi, dhahabu inabaki. Wenye kuchoma kila siku nimewaona. Mikono inatetemeka mpaka sigara haikai mudomoni. Na ukisahau kuvua pete ya ndoa, merkire inaipanda, pete inageuka nyeupe na kuwa laini kama udongo. Hakuna mutoto wa machimbo mwenye hajui ile. Sasa mafuta gani ya mimea inaogopa dhahabu?

Nilichovya kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kopo, nikakiacha mpaka asubuhi. Hakikubadilika hata kidogo. Bibi yangu alisema, "Umeona sasa?" Nikamujibu kwamba mwizi akinyamaza hajakuwa mwaminifu. Lakini moyoni nilibaki na swali, na mutu mwenye swali anaenda kwa mwenye kujua. Nilipeleka karton kwa farmasi moja ku barabara ya Lumumba, kwa bwana mwenye hanipendi, maana ninabisha bei ya kila kitu.

Alisoma nyuma, akavua miwani.

"Calomel ni merkire," alisema. "Ni jina yake ingine, ikiwa imechanganywa na klori. Kuko majina mengi. Ukiona neno lolote lenye linaanza na mercur, ama herufi mbili Hg, ni ile ile."

"Na dhahabu yangu haikugeuka?"

"Patron, ndani ya mafuta si merkire yenye kutembea. Ni chumvi yake. Usipime na dhahabu, nyamaza na usome. Hii inaingia ku ngozi, inafika ku figo. Mwanamuke akiwa na mimba, inafika kwa mutoto. Hata taulo yake, mwengine akijipangusia, inamufikia."

Nikamuuliza kuhusu sans hydroquinone. Akasema pale labda hawakudanganya: wameacha sumu moja, wameweka ingine. Akaniambia tena kwamba hydroquinone nayo ina majina ya kujifichia, na kwamba kuko tiube zenye maneno ya kuisha na sone ama sol, clobetasol, bétaméthasone, dawa za daktari, nazo watu wanajipakaa usoni kama vazelini. Nikasema nilijua. Sikuwa nimejua yote.

Nyumbani binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka tena.

"Basi nifanye nini?" alisema. "Nikijipakaa, naumia. Nisipojipakaa, watasema nimekataa kikapu. Papa, mimi namutaka yule kijana."

  Nilimwambia tu kopo ibaki kwangu, chini ya kufuli. Na kichwa yangu ilikuwa inazunguka juu ya shangazi yule. Nilimuona kama mutu mwenye hataki ndoa, mwenye anatafuta binti yangu azae watoto wagonjwa. Nilimuandalia maneno makali.

Siku ya kusalimu walifika: baba mudogo ya kijana, mwenye kununua dhahabu, tumbo mbele na simu mbili, wazee wengine wa kukaa kimya, na shangazi. Uso wake ulikuwa wa kung'aa, wa rangi ya ndizi yenye imeiva, na vifundo vya vidole vyeusi vilevile. Binti yangu alitoka na kitenge yao, na ngozi yake yenyewe, ile aliyozaliwa nayo. Alipiga magoti, akapeana chai.

Shangazi alimutazama, akatazama bibi yangu. "Kitenge naiona," alisema. "Mafuta yetu haikufika?"

"Ilifika," nikasema.

"Basi binti ana mafuta yake mengine yenye kushinda yetu?"

Wazee walitazama vikombe. Bibi yangu alinikanyaga muguu. Maneno makali yalikuwa tayari mudomoni, lakini niliona kikombe ya shangazi. Chai ilikuwa inamwagika ku sahani, kidogo kidogo, na yeye alikuwa anakishika kwa mikono miwili ili kutetemeka kusionekane. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Na kidole cha pete kilikuwa wazi, na yeye ni mama wa ndoa, bwana yake hai.

Nikameza yale maneno. Nikauliza kwa heshima: "Shangazi, pete iko wapi?"

"Ninaiacha ku sanduku. Mama mwenye kuniuzia alisema mafuta hii haipendi dhahabu."

Alisema hivyo tu, kama mutu anayesema mbuzi haipendi mvua. Lakini baba mudogo aliweka kikombe chini. Simu yake moja ililia, hakuishika.

"Haipendi dhahabu namna gani?" aliuliza.

"Sijui. Imeandikwa."

Nikatoa karton mufukoni, nikaiweka mbele yake, upande wa nyuma, na kidole changu ku onyo, kisha ku lile neno calomel. Nikamwambia vile mutu wa farmasi alilitafsiri. Sikuongeza kitu. Yule bwana amepitisha miaka mingi mbele ya moto wa merkire kuliko mimi. Alisoma mara moja, akasoma tena, halafu akamutazama dada yake, si uso, mikono.

"Weye unajipakaa hii tangu wakati gani?"

"Tangu harusi ya mutoto wangu wa pili," shangazi alijibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwa nini munaniangalia hivyo? Mumesema mimi ni mulozi?"

"Hakuna mwenye amesema," nikasema, na nilikuwa nimesema moyoni juma nzima.

Baba mudogo alisimama. Alisema mukono wenye kupokea haurudishi, ile ni desturi, lakini wenye kutoa wanaweza kuomba chao. Akaomba mafuta mbele ya wazee wote, akasema kikapu itajazwa kwa siagi ya ng'ombe wao. Nikaenda kufungua kufuli. Nikamupa kopo ndani ya plastiki mbili, nikamukumbusha isichomwe na isitupwe mutoni. Alinijibu kwa ukali kwamba merkire hafundishwi. Binti yangu alikuwa bado ku magoti, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mwenye ametua muzigo.

Waliendelea na habari za ng'ombe.  Wakati wa kutoka, shangazi alibaki nyuma ku mulango, akijifanya kufunga kiatu chenye hakikubali kufungwa.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mwenye amejipakaa siku nyingi, kuko dawa?"

"Kuko kupima kwanza. Mukojo na damu, ku hopitali. Na kuacha leo. Taulo na mashuka ufue zote."

"Nitakuwa mweusi tena. Watu watacheka."

"Watacheka," nikasema. Sikuona sababu ya kumudanganya.

 Halafu akasema hataki kaka yake ajue siku ya kwenda hopitali, na akauliza kama bibi yangu anaweza kumusindikiza asubuhi.

Bibi yangu, mwenye alikuwa nyuma yetu muda wote, alikuwa tayari anatafuta kitambaa cha kichwa cha kesho.