Weupe Juu ya Chokoleti

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nianze kazi ya bibi afya Tunduma, siku mama mmoja alipoingia ofisini na kuniwekea mezani kipande cha chokoleti nyeusi. Juu kilikuwa cheupe, kama kimepakwa majivu.

"Ukungu huu!" alisema. "Wanangu wawili wameshakula. Na dukani nilikozinunua zimejaa."

Nilichukua fomu ya kuteketeza bidhaa, tukaenda. Tulipofika, habari ilikuwa imetutangulia. Watu walishajaa mlangoni. Mwenye duka, mzee wa kutoka Tanga, alikuwa amesimama mbele ya maboksi yake kama anayelinda maiti.

"Choma, dada!" mtu alipiga kelele.

"Mwanangu," mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "hizo hazijaoza. Ni mafuta yake yamepanda juu. Muda wake haujaisha, soma mwenyewe."

Tarehe ilikuwa sawa. Lakini kalamu nilikuwa nayo mkononi, na watu walikuwa wananitazama. Nikisaini, nimemfilisi mzee. Nikikataa na watoto wakaugua, nitamwambia nini yule mama?

Niliwaomba watu wanyamaze. Nilinusa kipande cha yule mama: harufu ya kakao tu. Nikakitazama kwa lenzi yangu ya chuoni. Hakikuwa na nyuzi wala manyoya, ulikuwa utando laini. Nikausugua kwa kidole, ukateleza na kupotea. Jirani alikuwa na jiko la chai, nikamega pembe ya kipande na kuiyeyusha kwenye kijiko. Weupe wote ulizama, ikabaki chokoleti nyeusi inayong'aa.

"Ukungu hauyeyuki hivi," niliwaambia. "Mchana bati linachoma, usiku baridi. Mafuta ya kakao yanalainika, yanapanda juu, yanaganda. Ladha inapungua, ila haidhuru."

"Basi kula wewe!" yule mama alisema.

Nilimega pembe nyingine, nikala. Ilikuwa ya chengachenga mdomoni, imepungua ladha.

Mzee alishusha pumzi, akaanza kurudisha maboksi. Nikamzuia.

"Nafungua yote, mzee wangu."

Uso wake ulibadilika. Boksi la mwisho lilikuwa ukutani, chini ya bati linalovuja. Karatasi zilikuwa zimelowa, na ndani, kwenye chokoleti zenye zabibu, kulikuwa na madoa ya kijani yenye manyoya, yananuka uvundo.

"Hili sikulijua, wallahi," alisema.

Sijui kama nilimwamini. Nilijaza fomu kwa boksi hilo peke yake, tukaliteketeza nyuma ya duka, naye akamwaga mafuta ya taa mwenyewe.

Yule mama alikuwa bado amesimama pembeni.

"Wanangu walikula ipi?"

Nilimwonyesha kipande alichokileta: hakikuwa na zabibu, na kilikuwa kikavu. Alikichukua, akakisugua kwa kidole gumba, kama nilivyofanya mimi.