Mkwe Kafika, Unga Hakuna

Mume wangu alikuwa na sifa tisa za mashine ile, na zote tisa alizijua kwa ghaibu, kama mtoto wa chuoni na juzuu yake. Chuma kisichoshika kutu. Meno yanayobadilishwa. Bakuli la juu linalobeba vibaba viwili. Skrubu ya kukaza na kulegeza. Mpini wa mbao ngumu. Na nyingine, na nyingine. Alizisema akipiga mswaki, alizisema akimenya muhogo. Mimi zilinichosha siku ya kwanza, na leo, mzee nisiyebakiwa na jino la maana, bado zinanitia hasira.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga nafaka, ya kuzungusha kwa mkono. Unaibana kwenye ubao, unatia mahindi juu, unga unatoka mbele. Enzi hizo za Mwingereza sisi huku Kibuta tulikuwa tunatwanga. Duka moja kubwa la Dar es Salaam ndilo lililozileta, na bwana wa duka akamchukua mume wangu azitembeze magulioni upande wa Kisarawe. Akampa mashine tano na karatasi ya sifa tisa, akamwambia asiruke hata moja. Akampa na magulio matatu. La tatu likiisha hajauza kitu, kazi basi.

Na kazi ikiisha, anarudi kwenye mashamba ya mkonge. Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa. Mkonge alikuwa amekwenda mara mbili kwa mkataba, na mara ya pili alirudi jicho la kushoto limechomwa na ncha ya jani, halioni tena. Mtoto wetu alimkimbia mlangoni akidhani ni mgeni. Mimi sikuwa tayari kuupelekea mkonge jicho la pili.

Gulio la kwanza hakuuza. La pili nikaenda mwenyewe, nimejitwisha mihogo yangu ya kuuza, nikakaa karibu nimwone. Alivaa kanzu safi, akasimama nyuma ya mashine, akaanza. Sifa ya kwanza. Sifa ya pili. Kufika ya tatu wanawake walikuwa wanatazama vitenge vya jirani. Hakuna aliyekuwa na shida ya kutu nyumbani hata aje kutafuta chuma kisichoshika kutu.

Basi mwanamke mmoja muuza vitumbua akaja na mahindi yake kwenye bakuli. Ameyakoboa, ameyaloweka, kama tulivyofanya sote kabla ya kutwanga unga.

"Shemeji," akasema, "maneno nimeshiba. Nisagie haya."

Mume wangu akayatia. Katika sifa zake tisa hakuna hata moja iliyotaja maji, naye akaona bora ayatie. Akazungusha mara tatu, mara ya nne mpini ukakwama. Kwenye meno mle kulikuwa na donge, si unga si uji.

"Kumbe mashine yenyewe kibogoyo," akasema yule mama. "Inamung'unya tu, haimezi."

Gulio zima likacheka. Mume wangu, badala ya kufungua meno ayasafishe watu waone jinsi yanavyofunguka, akaendelea na sifa ya nne. Nasema sifa ya nne, na donge liko mdomoni mwa mashine. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze yeye.

Nyumbani sikumpa hata nafasi ya kuvua kanzu.

"Sifa ya ngapi inasema mahindi yawe makavu?"

"Haimo."

"Basi karatasi hiyo kaiandika mtu asiyepika ugali."

"Mke wangu, bwana kasema nisiruke hata moja."

"Bwana atakwenda mkonge pamoja na wewe?"

Nikamwambia: wewe unaanza na chuma. Anza na mwanamke. Ametoka kuokota kuni, mtoto mgongoni, jua limepanda. Anafika mlangoni anamkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka, kasafiri tangu alfajiri. Debe la unga ni tupu. Huyo mwanamke atafanya nini? Kila anayesimama gulioni anamjua, maana ni yeye. Fanya kazi ya huyo mbele ya watu tangu kuni hadi ugali, na kitu cha mashine ukitaje pale tu kinapohitajika. Kisipohitajika, kaa kimya.

"Mke wangu asimame gulioni kama mcheza ngoma?"

"Bora nisimame mimi kuliko wewe ulale kambi ya mkonge."

Siku ya tatu akaniuliza kama mahindi yameshakauka.

Gulio la tatu nikafika na mzigo wa kuni kichwani na mwanangu mgongoni. Sikuigiza, ndivyo nilivyokuwa kila siku. Mafiga matatu, chungu cha maji motoni, mahindi ya kukoboa, makavu, kwenye ungo. Bwana wa duka naye alikuwa amekuja, kofia kichwani, kuja kuchukua mashine zake. Nikamwona, nikampa mgongo.

Nikamwita yule muuza vitumbua. "Wewe ndiye mama mkwe. Kaa mkekani, udai chakula."

Hakungoja kuombwa mara ya pili. "Mwanangu kaoa mvivu," akasema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi, hata maji sijaonjeshwa."

Mume wangu akatia mahindi, nikazungusha, mtoto mgongoni analala. Zikatoka chenga. Mama mkwe akatia vidole, akaonja.

"Mimi meno sina. Unanilisha changarawe?"

"Kaza skrubu," nikamwambia mume wangu. Akakaza, tukazirudisha chenga, ukatoka unga laini. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya nne, na siku hiyo watu walisogea kuitazama.

"Na nikiwa nimeshaloweka?" mwanamke mmoja akauliza kwa nyuma.

"Ukiloweka, shika mchi wako," nikamjibu. "Au uyaanike kwanza yakauke kabisa. Mashine hii haitaki maji. Uliona wiki iliyopita."

Mume wangu alinikata jicho lake moja. Lakini yule aliyeuliza ndiye aliyenunua wa kwanza. Maji yalikuwa yamechemka wakati unga unatimia. Nikasonga ugali, mama mkwe akala, akasema ndoa iendelee. Mashine zote tano zikaondoka kabla ya adhuhuri.

Bwana wa duka akampa mkono mume wangu. "Umefanya vizuri sana. Kazi ni yako." Mimi nilikuwa napangusa chungu hatua mbili kutoka hapo. Mume wangu akasema, "Ahsante, bwana." Basi. Hilo nalo bado ninalo kifuani.

Mwezi uliofuata ikaja karatasi mpya kutoka dukani, imepigwa chapa vizuri. Mume wangu akanisomea kwa furaha. Sifa zile zile tisa, kwa mpango ule ule, na chini yake wameongeza: Kumi, yafaa mkwe akifika.

Na yeye, mwanamume mzima, akaanza kuikariri.

Nikamnyang'anya, nikawashia moto wa uji. Kila gulio nikaenda naye na kuni zangu, tukaanza na mlango wa nyumba na debe tupu. Palipoliwa muhogo tulianza na makopa yaliyokauka, maana mkwe wa huko hangojei mahindi. Mkonge hakurudi tena. Jicho la kulia alizikwa nalo zima, na katika zile sifa kumi hakuna hata moja iliyoliokoa.