Moto Ulipolegea Mikumi

Kiwanda cha kahawa cha serikali alikofanya kazi mume wangu kilipobinafsishwa, alipunguzwa kazini. Alirudi na mashine ndogo ya kukaangia sampuli, tukaifunga kwenye chumba cha kupanga pale Mikumi, karibu na barabara ya hoteli za watalii. Buni ilitoka kwa baba yake, milimani Kilosa. Wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa, lakini hakuna aliyepanda hadi kule. Sisi ndio tulikuwa tumaini la mzee.

Mpishi mkuu wa hoteli moja alikubali kuonja. Kahawa ya kwanza mume wangu aliitoa mapema mno, punde tu buni ilipoanza kupasuka. Mpishi akakunja uso.

"Inachachuka kama ndimu mbichi. Leteni nyingine kesho asubuhi. Mchana nasafiri, na nikirudi nitakuwa nimeshaagiza kwingine."

Nyumbani mume wangu alinieleza. "Baada ya mpasuko nilipaswa kuiacha kidogo, utamu ukolee na uchachu utulie. Nikiiacha sana, uchachu unakufa na uchungu unaingia. Na muda huo joto lazima liendelee kupanda, ila mwendo upungue taratibu. Likisimama, tumekwisha."

Asubuhi nilishika saa, yeye akawa anasoma kipimajoto. Mwanzo joto lilipanda kwa kasi, kisha kasi ikapungua vizuri, kama alivyotaka. Buni ikaanza kupasuka. Hapo hapo moto ukalegea. Gesi ilikuwa inakwisha, na mitungi mipya ilitoka Morogoro, mbali mno kwa asubuhi ile.

"Imepanda?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naangalia kipimo.

"Wewe ndiye unayeona."

Aliutikisa mtungi, akaukumbatia kuupasha joto kwa mwili wake. Mshale wa kipimajoto haukusogea. Buni iliendelea kuzunguka, ikapata rangi nzuri ya hudhurungi. Kwa macho usingejua kitu. Lakini chumba kilinukia mkate, si kahawa.

Tulipeleka hiyo hiyo. Mpishi alionja, akasubiri, akaonja tena.

"Ile ya jana ilikuwa kali, lakini ilikuwa na kitu. Hii haina uchachu wala utamu. Nimetafuta, sikuona."

"Ni moto," mume wangu alisema. "Buni yenyewe haina kosa."

"Naamini. Lakini wageni wangu wanakunywa kilichomo kikombeni."

Tulipopanda Kilosa kumwambia mzee, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alishaona nyuso zetu. Mume wangu akaanza kumweleza habari za joto na mpasuko, kwa kirefu, akionyesha kwa mikono. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kahawa yangu ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, baba."

Mvua zilipokaribia mzee aliing'oa mibuni yote, akapanda mahindi. Mume wangu alikwenda kumsaidia kung'oa. Mimi sikuweza kwenda kuiona iking'olewa.