Picha ya mugeni wa Beu

Siku chache kisha waasi kuua batu mu muji wa Oicha, jirani yangu aliingia mu boutique yangu ya telefone, mu commune yetu ya Beu, na picha aliyopiga ku soko: mwanamuke mugeni.

“Huyu ni mupelelezi wa waasi,” alisema.

Tukaweka picha mu akili bandia ya telefone, tukauliza: “Huyu ni nani? Anaikala wapi?”

Ikajibu kwamba haiwezi kutambua mutu kwa uso wake.

“Mashini ya bure!” nilisema, nikatuma picha mu groupe ya quartier. Mbele chai yangu ipoe, mutu akaandika avenue kwenye anaikala na rangi ya mulango wake.

Batu ba quartier walimufuata kule, wakamupiga mawe mpaka akakufa. Nyuma tukajua: alikuwa mukimbizi, alitoka Oicha kutafuta batoto bake. Kesho yake kila mutu alifuta message yake. Hata mimi.