Bismillahi ya Mhudumu wa Hoteli

Je, niiache ile bismillahi au niitoe? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi katika chumba changu cha kupanga Kashai. Mchana wake nilikuwa nimemwandikia rafiki yangu, mhudumu wa hoteli moja ya Bukoba, barua yake ya kuomba kazi Maskati, kwa Kiarabu. Kwetu ni Waislamu, na chuo nilisomea Khartoum. Tangu madrasa sijawahi kuanza ukurasa wa Kiarabu bila kuandika kwanza "Kwa jina la Mwenyezi Mungu". Mkono uliandika wenyewe. Wino ulipokauka ndipo nilipokumbuka kwamba mwenye barua ni Mkatoliki wa Muleba.

Anwani ya hoteli ya Maskati alipewa na mgeni mmoja aliyetoka huko kuja kusalimia jamaa zake wenye duka mjini. Alimwambia kwamba meneja wa huko anasoma Kiarabu tu, na anatafuta watu wa mezani. Tulipoanza kuandika, rafiki yangu alitaka tufungue kwa "Ndugu Meneja", kama barua zetu zote za wakati ule.

"Huko meneja si ndugu wa mtu," nilimwambia. "Ni mheshimiwa."

"Basi mpe uheshimiwa wake, mimi nipe kazi."

Jioni alikwenda kwao kwa mapumziko, akaniachia barua niipeleke posta. Sikuipeleka. Niliwaza: nikiiacha bismillahi, meneja atadhani ni Mwislamu, kwa kuwa jina lake la ubatizo Waarabu wa dini zote wanalo. Nikiitoa, huenda barua ikatupwa. Na Mungu akiniuliza siku moja, nitasema nini? Asubuhi nikapanda basi la Muleba.

Nilimkuta mgombani kwao, anakata majani makavu. Mama yake alitupa akamwani, zile buni za kutafuna anazokaribishiwa mgeni, akaketi nasi mkekani. Nikaeleza kosa langu.

Rafiki yangu alicheka. "Kosa gani? Iache! Itanifungulia mlango."

"Watakuona Mwislamu."

"Wanione tu. Mimi nataka wanione, basi."

Mama yake akamgeukia. "Ukishafika, omwana wange, wenzako wakienda kuswali, wewe utajificha jikoni?"

"Nitaosha vikombe, mama."

"Miaka yote? Utavimaliza."

Tulicheka wote, lakini rafiki yangu aliacha kutafuna. Akasema taratibu kwamba shamba haliwatoshi ndugu zake wote, na kwamba hajawahi kuona anwani nyingine kama ile. Wakitaka Mwislamu, basi amekosa. Nilimwelewa.

Hapo nikakumbuka jinsi yeye na wenzake walivyopangiana zamu pale hotelini Bukoba. Mwezi wa Ramadhani, yeye na Wakristo wenzake ndio waliopeleka chakula cha mchana kwa wasafiri. Ijumaa, wengine wakienda msikitini, ukumbi ulibaki mikononi mwake. Siku ya Idi hakuna aliyebishana, zamu ilikuwa yake. Krismasi ikifika, Waislamu walimlipa kwa kubaki kazini, naye akaja Muleba kula ndizi na nyama kwa mama yake. Kila mtu pale aliuona mpango huo kuwa wa kawaida, na mimi pia, hadi saa hiyo mkekani.

"Huko Maskati karibu wote watataka ruhusa ya Idi siku moja," nikasema. "Nani atawahudumia wageni?"

Aliniangalia. "Waitu, mwenzangu, unataka kuwaambia mimi ni Mkristo?"

"Nataka kuwaambia kwamba Idi utakuwa kazini."

"Wakikataa?"

"Watakuwa wamekukataa wewe. Sasa hivi wakikubali, watakuwa wamemkubali mtu mwingine."

Mama yake alisema kwamba hilo amelipenda. Rafiki yangu akauliza kama nimesahau kuandika kwamba anaweza kubeba sahani nne kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesahau.

"Mhaya gani wewe asiyejisifu, unangoja mwenzako akusifu?" nikamtania.

"Nimetafuta msomi anisifu, naye anasifu dini."

Nilitandika karatasi mpya juu ya sinia lililogeuzwa. Nilianza kwa "Salamu njema, na baada ya hayo", salamu ya barua ambayo Mwarabu wa dini yoyote huipokea. Chini yake nikaandika kwamba hili ni ombi la kazi, nikataja miaka yake ya ukumbini, vyumba alivyowahi kutandika, na sahani nne. Kisha nikaandika wazi kwamba mwombaji ni Mkristo, na kwamba yuko tayari kushika zamu za Ijumaa adhuhuri, za mchana wa Ramadhani na za sikukuu zote mbili za Idi. Nikafunga kwa kumwomba meneja apokee heshima zetu kuu.

Nilimsomea yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Akatia sahihi. Ile ya kwanza niliikunja nikaitia mfukoni, kwa sababu karatasi yenye jina la Mungu haitupwi ovyo. Tukashuka pamoja hadi posta ya Muleba, nikaisukuma bahasha ya barua mpya ndani ya sanduku kwa mkono wangu mwenyewe.