Sumni Ishirini za Lugembe

Raymundi alikuwa na mikono ambayo watu wa mtaa wa Cheyo waliisalimia kabla ya kumsalimia yeye. Alikuwa mnyapara wa makuli kwenye stesheni ya Tabora. Mtu aliyeangusha gunia la karanga likapasuka alijua kwamba kofi liko njiani, na halikuchelewa. Jeshini alipigana vita vya Wazungu huko Burma, akarudi na koti, kovu la shingoni, na imani moja tu: binadamu husema kweli akipigwa. Alimpiga mwizi wa kuku mpaka akataja majirani wasiohusika. Alimpiga mke wake mara moja, mke akarudi kwao Nzega na hakuonekana tena. Raymundi hakuona uhusiano kati ya mambo haya. Alijiona mtu wa haki, na ukweli ni kwamba hakuwahi kula senti ya mtu.

Kwa hiyo kamati ya arusi ya Getruda ilipoundwa, mwaka wa hamsini na nne, hakuna aliyeuliza nani atafuatilia ahadi. Getruda alikuwa binti wa marehemu Ambrosi, kuli aliyebanwa katikati ya mabehewa mawili mbele ya macho ya Raymundi, na watu wa reli waliapa kwamba mtoto huyu ataolewa kama mwenye baba. Mzee Hilari, katekista, alikuwa mwenyekiti. Mwalimu Imakulata, aliyefundisha hesabu shule ya wasichana, alishika orodha. Watu arobaini na mmoja waliahidi jumla ya shilingi mia tano na ishirini. Walifungua akaunti ya akiba benki, wakakubaliana kila mwenye kutoa aende mwenyewe dirishani, ajaze hati, aweke, kisha amletee Mwalimu kipande kilichopigwa mhuri. Mpango ulikuwa mzuri kwa watu wa mjini.

Kijijini Kigwa hakuna benki. Huko kulikuwa na watu sita, mafundi njia na wakulima waliokuwa rafiki wa Ambrosi, kila mmoja kaahidi shilingi kumi. Mmoja wao alikuwa Lugembe, mume wa Paskazia, dada yake Raymundi wa tumbo moja. Lugembe alirina asali na kuiuza kwa vibuyu, mtu mpole, mrefu, mcheshi mno. Katika dunia nzima ndiye mtu pekee aliyeweza kumtania Raymundi usoni na kuondoka na meno yake.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku sita, kamati ilikutana baada ya misa nyumbani kwa Mzee Hilari. Mwalimu alisoma orodha. Waliotoa waliwekewa alama ya vema, na walipigiwa makofi. Alipofika kwa Masolwa, gadi wa treni, akasita.

"Masolwa aliahidi kumi. Kipande chake kinasema sabini."

Nyumba ililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, Mzee Hilari alisimama akamshika Masolwa mkono, na Raymundi akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Masolwa alifungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake. Watu wakasema, tazama unyenyekevu. Hapo hapo akateuliwa msimamizi wa chakula.

Kisha zikaja nafasi tupu. Zilikuwa sita, na zote za Kigwa. Jina la kwanza lilikuwa Lugembe.

Raymundi aliona aibu. Shemeji yake! Mtu aliyekula kwa Ambrosi, aliyelala kwa Ambrosi!

"Subiri kwanza, Bwana Raymundi," Mwalimu alisema. "Kitabu cha benki nilikiacha dirishani waingize fedha zote. Kesho nitakichukua nilinganishe. Mimi bado sijajua kitu."

"Orodha unayo mkononi, Mwalimu. Unataka kujua nini tena?"

"Orodha inasema nani aliahidi. Benki inasema nini kimeingia. Hivyo ni vitu viwili."

Raymundi hakuwa na subira na vitu viwili. Alichukua kofia yake, akapanda treni ya mchana.

Alimkuta Lugembe uani akichonga mzinga, shoka mkononi, magome yametapakaa miguuni.

"Karibu, shemeji! Leo Kigwa itatetemeka."

"Shilingi kumi za Ambrosi ziko wapi?"

Lugembe alicheka, akidhani ni utani. "Mbona nimeshatoa? Nilimpa Masolwa, siku treni yake ilipopita. Sumni ishirini, senti hamsini hamsini, nimezifunga kitambaani. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeuza asali kwa tone."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Kwa Raymundi hakukuwa na uongo mchafu kuliko huo. Masolwa, mtu aliyetoa sabini bila kuombwa, aibe sumni za mrina asali?

"Unamsingizia mtu aliyekushinda utu?"

"Shemeji, muulize mwenyewe..."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Lugembe alidondosha shoka. Hata wakati huo hakuwaza kulitumia. Ya pili ikamtupa juu ya mzinga. Raymundi alimwinua kwa shati, akamuuliza tena, na Lugembe, damu ikimtiririka kidevuni, akajibu jibu lile lile, kwa kuwa hakuwa na jingine. Jibu lile lile lilimtia Raymundi wazimu. Alimpiga akiwa amesimama, akampiga akiwa amepiga magoti, na mara ya mwisho alimkanyaga taya kwa buti la jeshi, akasikia kitu kikivunjika kama fito kavu.

Paskazia alitoka mbio na mchi, akampiga kaka yake nao mgongoni mara tatu. Raymundi hakugeuka. Alisimama pale akihema, akisubiri kweli itoke. Mdomo wa Lugembe haukuweza tena kutoa chochote.

Jumatatu asubuhi Paskazia alimleta mumewe hospitali ya Tabora, amelazwa juu ya mikeka kwenye behewa la mizigo. Mganga aliuliza nani amefanya hivi. Paskazia alitazama ukuta.

"Ameanguka mtini akirina asali," alisema.

Taya lilikuwa limevunjika mahali pawili. Walilifunga kwa waya.

Saa ile ile Mwalimu Imakulata alikuwa mezani kwake na kitabu cha benki. Alifanya alivyowafundisha wasichana wake: akachukua kila fedha iliyoandikwa kitabuni, akaitafutia kipande chake, tarehe kwa tarehe na shilingi kwa shilingi, akaweka alama pande zote mbili. Hakikubaki kipande kisicho na mwenzake kitabuni. Akajumlisha. Mia tano na ishirini kamili. Akajumlisha ahadi. Mia tano na ishirini kamili.

Kama watu sita hawakutoa, pungufu ya sitini iko wapi? Pungufu haikuwepo. Palikuwa na nafasi sita tupu za shilingi kumi kumi, na mtu mmoja aliyezidisha sitini. Basi akachukua kipande cha Masolwa. Mbele palikuwa na jina na jumla, na jana alikuwa ameishia hapo, kwa haraka na kwa vigelegele. Akakigeuza. Nyuma, karani wa benki hutaka aina za fedha zitenganishwe, na Masolwa alikuwa ameandika kwa mkono wake: noti ya kumi, moja. Shilingi moja moja, hamsini. Sumni, ishirini.

Gadi wa treni hulipwa kwa noti. Mwalimu alivaa kanga yake akaenda stesheni haraka, maana kosa lilikuwa lake pia.

Alimkuta Raymundi kwenye bohari, akamwonyesha kwa kidole mstari kwa mstari. Jumla zimelingana, Bwana Raymundi, majina ndiyo hayakulingana. Aliyesimama dirishani ndiye aliyeandikwa. Fedha za watu saba, hati moja.

"Soma tena huo wa mwisho," Raymundi alisema.

"Sumni, ishirini."

Mwalimu alisema baadaye kwamba alimwona mtu huyu mkubwa akipungua mbele yake. Lakini haikuchukua dakika. Treni ilikuwa inasimama, na Masolwa alikuwa kwenye behewa la nyuma na bendera yake ya kijani. Raymundi alivuka reli, akamvuta chini kwa mkanda, akampigiza kwenye bafa la chuma la behewa. Kofia ya gadi iliviringika chini ya magurudumu.

"Sitini za nani?"

"Za Kigwa! Za Kigwa!" Masolwa alilia, pua imepasuka. "Sikula hata senti, zote niliweka! Nilitaka kusema jana. Mlishaanza kupiga makofi. Wewe mwenyewe ulipiga kuliko wote! Ningesemaje?"

Raymundi alimpiga kwa hilo. Akampiga tena. Makuli wanne waliokuwa wamekula makofi yake miaka yote walimrukia, wakamwangusha kwenye kokoto, na walipompata chini hawakuwa na haraka ya kumwachia. Alipoinuka alikuwa na jino moja pungufu na sikio limechanika. Mzungu wa stesheni alimvua unyapara siku hiyo hiyo. Raymundi hakujitetea. Alichoomba ni kimoja: Jumamosi, arusini, majina ya Kigwa yasomwe mbele ya watu wote.

Getruda aliolewa vizuri. Alivaa nyeupe, ngoma ilipigwa, na ng'ombe wawili walichinjwa. Mzee Hilari alisoma orodha iliyosahihishwa. "Lugembe wa Kigwa, shilingi kumi, ametoa." Watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko walivyompigia mtu yeyote, kwa kuwa wote walikuwa wamekwishajua.

Lugembe alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na ukuta, kichwa kimefungwa bendeji, taya limebanwa na waya. Alitikisa kichwa kidogo tu. Mbele ya kila mtu palikuwa na sinia la wali na nyama. Mbele yake hapakuwa na kitu. Paskazia alikuwa pembeni na kinu kidogo alichokuja nacho kutoka Kigwa, akitwanga mnofu wa nyama ile mpaka uwe uji wa kunywewa kwenye mwanya wa meno.

Raymundi alimwendea. Hakujua kuomba radhi. Hakuna mahali alipofundishwa. "Dada, nipe mchi," alisema.

Paskazia hakumpa mchi. Baada ya kitambo alimsukumia bakuli lililojaa mchuzi, bila kumtazama.

Raymundi alilibeba kwa mikono miwili, akinyata asimwage, akapiga magoti mbele ya shemeji yake. Alitaka kusema kitu kuhusu sumni. Lugembe alikuwa akitazama ngoma. Raymundi akainua bakuli, taratibu, kulisogeza mdomoni pake.

Lugembe aliiona ile mikono ikiinuka. Akajikunja ukutani, akakinga uso kwa viwiko vyake vyote viwili, na mchuzi ukamwagika kwenye jamvi.