Mkate Ndio Unaolipa Kodi

Mama Tanuri hapazi sauti. Akikasirika sauti yake hushuka, na anayemjua huanza kutafuta mlango. Mimi namjua. Namuuzia unga tangu alipokuwa akiokea uani kwa sufuria na makaa, na miaka yote hiyo sijawahi kumpandishia bei ya gunia bila yeye kunitoa jasho. Mgumu kama kwato. Wenzake waliokuwa laini wameshafunga maduka.

Asubuhi aliyorudi kutoka kumuuguza binti yake aliyejifungua, alinikuta mlangoni pa duka lake. Oda ya unga ilikuwa imeshuka ghafla, nikataka kujua kulikoni. Sikwenda kwa huruma. Gunia linalolala ghalani kwangu halinilishi.

Rafu za mkate zilikuwa tupu. Mabati ya kuokea yamepangwa sakafuni kama bidhaa za mnada. Fundi wa tanuri, mzee aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono misafi. Fundi wa mkate akiwa na mikono misafi asubuhi, jua kuna msiba.

"Nani kasimamisha mkate?" Mama Tanuri akauliza, mkoba bado begani.

"Mimi, shemeji."

Aliyejibu alikuwa mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Springi kwa sababu anauza vipuri vya magari. Ndiye aliyetoa nusu ya pesa za tanuri, kwa hiyo nusu ya duka ni yake. Alikuwa nyuma ya kaunta akila kipande cha keki bila kulipia.

"Umesimamisha kwa ruhusa ya nani?"

"Ya hesabu. Mwezi uliopita tuligawana nini? Hewa. Nikakaa nikapiga hesabu. Mkate unatutia hasara ya elfu arobaini na mbili kila mwezi, na keki inaingiza faida ya elfu arobaini na mbili hizo hizo. Mmoja anajaza ndoo, mwingine anaitoboa. Nimeondoa anayetoboa."

"Umeipataje hiyo arobaini na mbili?"

Springi akajifuta mdomo, akaeleza. Hapo ndipo nilipoelewa kosa lake, kwa sababu ni kosa la mtu wa vipuri. Kwenye duka lake, kila rafu inabebeshwa kodi kulingana na nafasi inayokula. Bampa linakula ukuta mzima, basi libebe kodi ya ukuta. Akaja na akili hiyo hiyo kwenye tanuri. Gharama zisizobadilika kwa mwezi ni laki moja na themanini: jengo elfu sitini, mishahara ya mafundi wawili elfu tisini, mlinzi na leseni elfu thelathini. Mkate unakula sehemu tisa kati ya kumi za tanuri, kwa hiyo akaubebesha laki moja na sitini na mbili. Keki akaiachia elfu kumi na nane tu.

Mama Tanuri akaweka mkoba chini. Akamwaga unga kiganja kimoja juu ya meza ya kukandia, akausambaza, akaanza kuandika kwa kidole.

"Mkate tunauza sitini. Unga, hamira, sukari, mafuta, kuni na mfuko vinakula arobaini. Inabaki ngapi?"

"Shemeji, mimi si mtoto wa shule."

"Inabaki ngapi?"

"Ishirini."

"Keki tunauza mia nane. Vitu vyake vinakula mia tano. Inabaki mia tatu. Sasa hizo ishirini na hizo mia tatu ndizo zinazokwenda kulipa ile laki na themanini. Hakuna pesa nyingine. Mwezi uliopita tuliuza mikate elfu sita. Ishirini mara elfu sita ni laki na ishirini. Keki mia mbili, elfu sitini. Jumla?"

Fundi wa tanuri ndiye aliyejibu kutoka kwenye ndoo. "Laki na themanini."

"Ndiyo maana tuligawana hewa. Hatukula hasara, hatukupata faida, tulisimama mstarini. Wewe umetoa mkate. Mwenye jengo amepunguza kodi?"

Springi akaanza kufuta makombo ya keki kwenye kaunta.

"Hajapunguza. Anataka elfu sitini yake, tukioka tusioke. Kwa hiyo keki inaleta elfu sitini dhidi ya laki na themanini. Hukuziba tundu la elfu arobaini na mbili, umechimba shimo la laki na ishirini."

"Tutaongeza keki."

"Mia tatu ndani ya laki na themanini ni keki mia sita. Tunafanya kazi siku ishirini na tano. Keki ishirini na nne kila siku. Sasa tunauza nane. Hao wanunuzi wengine watazaliwa wapi, au utawaoa wewe ili wafanye sherehe?"

Mimi nilicheka. Mama Tanuri alinitazama, nikaacha kucheka.

"Basi tumwachishe fundi mmoja," Springi akasema, akimtazama mzee wa ndoo. "Mshahara wa mmoja ni elfu arobaini na tano. Inabaki laki na thelathini na tano."

"Na keki zinazohitajika ni mia nne na hamsini. Kumi na nane kwa siku. Bado tunauza nane. Umefukuza mtu na shimo liko pale pale."

Mzee akainuka. "Mimi nimekanda mkate hapa hata mgongo umepinda," akasema taratibu, "halafu unanihesabu kama springi iliyokatika." Akachukua bati moja sakafuni, akaanza kulipaka mafuta. Hakungoja kuambiwa.

Tatizo lilikuwa wateja. Mteja wa mkate ukimnyima leo, kesho ameshazoea duka jingine. Springi akaja na dawa: tushushe mkate uwe hamsini, watarudi mbio.

Mama Tanuri akafuta unga, akaandika upya. "Kwa kila keki moja tunauza mikate thelathini. Sasa hivi fungu hilo linaacha mia tisa, mafungu mia mbili yanatosha. Mikate mia mbili arobaini na keki nane kwa siku. Ukishusha shilingi kumi, mkate unaacha kumi badala ya ishirini. Fungu linaacha mia sita. Tutahitaji mafungu mia tatu. Mikate mia tatu na sitini na keki kumi na mbili kila siku ili tusimame pale pale tuliposimama. Tanuri hili lina uwezo huo, fundi?"

"Mia tatu tu, likikubali."

"Bei haishuki. Na upungufu wa kila mwezi, mpaka wateja warudi, utaujaza wewe."

"Nusu kwa nusu, shemeji. Hasara ya biashara hugawanywa."

"Hasara ya biashara, ndiyo. Hii ni yako. Ulitoa mkate bila kuniuliza nikiwa nimempakata mjukuu. Mume wangu akirudi safari nitamwambia hivyo hivyo, na wewe uwepo."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mimi ninaishi kwa kuvutana bei, na nakiri sikuona mahali ambapo Springi angeweza kushika. Akakubali kama mtu anayemeza mfupa.

Mwezi wa kwanza mikate ilirudi mia na themanini kwa siku, keki nane. Pungufu elfu thelathini. Alilipa. Wa pili, mia mbili na ishirini. Pungufu elfu kumi. Alilipa, akanung'unika. Wa tatu ikafika mia mbili na arobaini, naye akaja amenyoa ndevu, kudai mgao.

"Hakuna," Mama Tanuri akamwambia bila kuacha kupanga rafu. "Hiyo ni ya mwenye jengo, mlinzi, leseni na mafundi. Kwa keki hizi nane, kila siku mkate wa mia mbili arobaini na moja ndio unaoanza kuwa wetu. Ukitaka pesa, chukua kikapu, nenda kauuze."

Springi akauliza kikapu kiko wapi.